Pensheni na Ruhusa ya Jembe

Mwezi wa pili mimi siongei na watu vizuri. Hesabu za mwaka hazijafungwa, joto la Morogoro halina huruma, na kila mtu kiwandani aliyekalia risiti yake tangu mwaka jana anaikumbuka siku moja na wenzake wote. Wanaonifahamu wanajua. Wanapita mbali na mlango wangu, na mhudumu wa chai anaweka kikombe mezani na kuondoka bila salamu ndefu.

Ndiyo maana nilishangaa siku mkurugenzi aliponijia mwenyewe ofisini, badala ya kuniita kwake, tena anatabasamu. Mkononi alikuwa na ripoti ya tathmini ya mfuko wa pensheni iliyokuwa imefika asubuhi hiyo. Alikuwa ameifungua ukurasa mmoja tu, ule ulioandikwa faida, na kidole chake kilikuwa hapohapo.

Kiwanda chetu kinasokota kamba na kufuma magunia ya katani. Kilikuwa cha umma, kikauzwa, kikauzwa tena, na katika kuuzwa kote huko kitu kimoja hakikuguswa: mpango wa pensheni wa wafanyakazi wa zamani. Hii ni mbali na michango ya hifadhi ya jamii ambayo kila mtu anakatwa. Wale walioajiriwa kabla mmiliki wa sasa hajafunga mlango wa kupokea wanachama wapya wana ahadi yao ya pembeni. Ukifika miaka sitini unalipwa kila mwezi mpaka ufe, na kiasi kinatokana na mshahara wako wa mwisho na miaka uliyotumikia. Ahadi haisemi utalipwa mfuko ukiwa nazo. Inasema utalipwa, na mfuko ukipungukiwa mwajiri anajaza.

Ahadi ya namna hiyo inapimwa kila mwisho wa mwaka, na anayepima si mimi. Ni mtakwimu bima, bwana mmoja mpole wa Dar ambaye kazi yake ni kukisia maisha ya watu. Tunampelekea orodha ya wanachama, umri wao, mishahara yao na tarehe walizoajiriwa. Yeye anakadiria nani atafika kustaafu, nani ataacha kazi njiani, mishahara itapanda kwa kasi gani, na mtu akishastaafu ataishi mpaka lini. Halafu malipo yote hayo ya mbele anayarudisha kwenye thamani ya leo kwa riba ya hati fungani za serikali. Hapo anapata deni. Ukitoa mali za mfuko, linabaki pengo, na pengo hilo ndilo linalokaa kwenye mizania yetu.

Mwaka ule deni lilikuwa limeshuka sana. Mtakwimu aliandika kwamba tumepata faida ya takwimu bima, na ilikuwa nene. Mkurugenzi alitaka niijumlishe kwenye faida ya mwaka, maana faida ya mwaka ilikuwa imekonda na wenye kiwanda walishaanza kununa.

Nikamwambia haiwezekani. Aliponikazia macho nikamvutia kiti, nikamweleza taratibu, na kwa mwezi wa pili huo kwangu ulikuwa ustaarabu mkubwa. Kila mwaka anaofanya kazi, mfanyakazi anachuma kipande kingine cha pensheni yake. Kipande cha mwaka huo, kwa thamani ya leo, ndiyo gharama ya huduma ya mwaka husika. Hiyo inaingia kwenye faida na hasara pamoja na mishahara, kwa sababu ni ujira kama ujira mwingine. Riba ya lile pengo nayo inaingia hukohuko. Lakini deni likipanda au kushuka kwa sababu makisio yamebadilishwa, au kwa sababu mambo yametokea tofauti na yalivyokisiwa, hilo halisemi lolote kuhusu jinsi tulivyosokota kamba mwaka huo. Linapita chini ya mstari wa faida, kwenye mapato mengine jumuishi, na kutoka hapo linaingia kwenye mtaji. Likishakaa huko halirudi kwenye faida hata ipite miaka mingapi.

Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza hiyo ni faida gani sasa ambayo mtu hawezi kujisifia nayo. Ila hakukaa na huzuni. Alikuwa anaomba mkopo benki kwa ajili ya mashine mpya za kusokota, na mtaji ukinenepa, hata kwa mlango wa nyuma, benki itauona. Halafu akaona jambo lingine mwenyewe, maana si mjinga: wanachama wakiwa wachache, gharama ya huduma ya mwaka unaofuata nayo itashuka, na hiyo inapita kwenye faida na hasara waziwazi. Akatoka ofisini kwangu anapiga mluzi.

Faida ya mwaka ikiguswa kwa shilingi moja, kiwanda kizima kinauliza. Mapato mengine jumuishi hayana anayeyauliza. Watu wanasoma mpaka mstari wa faida wanafunga kitabu. Niliiweka ripoti pembeni nikiwa na nia ya kuisoma vizuri baada ya kumaliza hesabu za stoo, na ingekaa hapo wiki nzima kama mama mmoja asingekuja ofisini.

Alikuwa msimamizi wa uchambuzi, ile sehemu katani inapofika na wanawake wanaipanga kwa urefu na weupe kabla haijaenda kwenye mashine za kuchana. Kwao ni juu milimani, kupita Mkuyuni, kupita Matombo, unaiacha barabara na kupanda kwa miguu. Alikuja kiwandani msichana na alikuwa anatimiza sitini mwezi wa sita. Sauti yake ilikuwa bado ya mlimani, inapanda mwishoni mwa sentensi, na ukimsikia mara ya kwanza unadhani anauliza.

Nilimwamkia shikamoo, akaitika, akakaa ukingoni mwa kiti. Alitaka kujua pensheni yake itakuwa kiasi gani. Mume alishafariki, mtoto wake mmoja wa kiume anaendesha bodaboda Dar na kwa maneno ya mama mwenyewe anaonekana akikwama tu. Mpango wake ulikuwa kurudi kwao. Pensheni itanunua chumvi, mafuta, sabuni na dawa za presha. Vingine vyote shamba litatoa. Hakuwa na mpango wa pili, na aliniambia hivyo bila kujihurumia.

Hapa inabidi nieleze shamba hilo. Kwa Waluguru ardhi inapita kwa ukoo wa mama. Mwanamke analima sehemu ya ukoo wake, na sehemu hiyo ni yake kwa muda wote anaoilima. Akiiacha masika ipite bila jembe, wenye ukoo wanakaa na kumpa ndugu mwingine, na hawamwonei, ndivyo walivyokubaliana tangu zamani. Sehemu ya huyu mama ilikuwa bondeni, kando ya kijito, panapoota kabichi na karoti hata kiangazi. Binamu zake walikuwa wanaikodolea macho. Kulipa vibarua haisaidii, maana wanachotaka kuona ni mwenyewe ameinama.

Kiwanda kililijua hilo tangu kilipoanza, kwa sababu bila wanawake wa mlimani kisingesokota hata kamba ya kufungia mbuzi. Kwa hiyo palikuwa na ruhusa ya jembe. Masika ikikaribia, mwanamke anamwambia msimamizi wake, anakwenda kwao kupanda, halipwi siku hizo, anarudi palizi ya kwanza ikiisha. Utumishi haukatiki. Kanuni za mfuko zenyewe zinasema asiyekuwepo kwa ruhusa anahesabiwa yupo. Miaka yote hakuna aliyeligombania hilo.

Nikafungua orodha iliyokwenda kwa mtakwimu, nikatafuta jina lake. Halikuwepo. Nikatafuta kwa namba ya kazi, kwa mwaka wa kuzaliwa, nikatafuta hadi macho yakaniwasha. Halikuwepo kabisa. Nikamwambia mama nipe siku mbili, kompyuta ina uzito leo. Uongo mdogo huo aliupokea kwa heshima, akaaga.

Alipotoka nikaivuta ripoti. Mtakwimu, kama inavyotakiwa, alikuwa ameigawa faida yake mafungu mawili. Fungu dogo lilitokana na makisio: riba za hati fungani zilikuwa zimepanda, na riba ikipanda, fedha ya mbele inakuwa nyepesi leo, basi deni linashuka. Hilo halina tatizo. Fungu kubwa lilitokana na mambo yalivyotokea kinyume cha makisio, na maelezo yake yalikuwa sentensi moja ya adabu: wanachama wengi kuliko ilivyotarajiwa waliacha kazi kabla ya kustaafu, na kwa hiyo hawatalipwa.

Waliacha kazi? Nani? Mimi ndiye ninayeidhinisha malipo ya mwisho ya kila anayeondoka, na wafanyakazi wa zamani walioondoka mwaka ule nilikuwa nawakumbuka kwa sura. Nikashuka ngazi mpaka kwa afisa utumishi.

Afisa utumishi alikuwa kijana msafi, mwenye shati la pasi hata saa tisa alasiri, aliyeletwa pamoja na mfumo mpya wa mishahara. Alinieleza bila kubabaika. Mfumo unamlipa kila aliye hai ndani yake. Mtu akiwa hai na hayupo kazini, mshahara unatoka. Hapakuwa na kitufe cha mtu aliyepo lakini halipwi, au kama kipo hakuonyeshwa. Kwa hiyo wanawake walipokwenda kupanda masika iliyopita, aliwafunga kama walioacha kazi, na waliporudi akawafungua upya kwa namba mpya na tarehe mpya ya kuajiriwa. Mishahara ilitoka sawasawa, hakuna aliyelalamika. Alikuwa anajivunia kidogo.

Nikamwuliza kama anaelewa kwamba mtu mwenye tarehe mpya hayumo kwenye pensheni, maana mlango ulishafungwa. Nikamwambia amewafukuza kazi wanawake wote wa mlimani kwa kidole kimoja na kuwaajiri upya kwa kidole kingine, na lile deni lililoyeyuka ndiyo uzee wao. Nilisema kwa sauti, na makarani wa pale wakainamia meza zao. Kijana wa watu alikosa pa kuweka mikono. Hakuwa na ubaya moyoni, hilo nililijua hata nikiwa nafoka, na lilinizidishia hasira, kwa sababu mtu mbaya angalau unajua umfanyeje.

Siku ya pili nilimwita yule mama na kumweleza ukweli wote, hata ile faida isiyoingia kwenye faida ya mwaka. Nilimwambia kosa ni letu, linarekebishika, kanuni ziko upande wake, asiwe na wasiwasi. Nikamwambia pia masika imekaribia, aende kwao akapande kama kawaida.

Aliuvuta uzi wa katani uliong'ang'ania kwenye kitenge chake. Halafu akasema, "Mwaka jana nilikwenda kwa ruhusa nikarudi nimeshaacha kazi. Nikienda tena, nitarudi nimekuwa nani?"

Nikamwambia nimeshaongea na utumishi, hakuna atakayemfunga.

"Wewe mwanangu ni mhasibu," akasema. "Wewe siyo ule mfumo."

Nilijaribu tena. Alikuwa ameshaamua. Alisema atabaki mpaka aone jina lake limerudi kwenye orodha, ndipo atapanda gari. Mvua zinaweza kumngoja kidogo. Kwa hiyo nikaelewa kwamba ninachokimbizana nacho si tarehe ya wakaguzi tena. Ni mwisho wa kupanda huko juu. Jina likirudi kabla ya hapo, ana vyote viwili. Likichelewa, amekaa Morogoro anachambua katani na shamba limelala.

Kazi yenyewe haikuwa kubwa. Nilikaa na afisa utumishi, ambaye sasa alikuwa ananisaidia kwa bidii ya mtu aliyefokewa, tukawarudishia wanawake wote namba na tarehe zao za kwanza kwenye orodha. Mtakwimu alisema akiipata ataitathmini upya bila shida. Ila orodha ya wanachama haiondoki kiwandani bila sahihi ya mkurugenzi, na mfumo nao haubadilishwi tarehe ya kuajiriwa bila sahihi hiyohiyo.

Mkurugenzi akaisoma. Akauliza faida ya mwaka itashuka kwa kiasi gani. Nikamwambia haishuki hata senti. Gharama ya huduma ya mwaka uliopita ilipimwa mwanzoni mwa mwaka, wakati wanawake hao wote walikuwa bado wamo, kwa hiyo imeshakaa sawa. Kosa zima limeangukia kwenye faida ya takwimu bima, kule chini ya mstari, na litatoka kulekule. Nilidhani nimemletea habari njema.

Akauliza mtaji. Nikamwambia mtaji utashuka, maana faida ile ndiyo iliyounenepesha. Na gharama ya huduma ya mwaka huu? Itakuwa ileile ya zamani, haitapungua kama alivyotarajia. Akaiweka orodha kwenye trei ya kushoto. Akasema kwa upole kwamba hakatai, haki za watu ni haki za watu, ila benki inakutana mwezi huu na hataki kuwapelekea karatasi mbili zinazobishana. Wakishatoa jibu atasaini siku hiyohiyo.

Nilimwambia kuna mtu anangoja sahihi hiyo ili akapande. Akanitazama kama niliyemwambia kuna mtu anangoja mwezi uandame. Akasema pensheni yake inaanza mwezi wa sita, sasa haraka ya nini?

Kila asubuhi nilipita kuitazama ile trei ya kushoto. Mvua zikaanza. Kutoka dirishani kwangu milima ilikuwa haionekani, ni wingu tupu kuanzia asubuhi, na kule juu ya wingu watu walikuwa wamepanga mistari wanapanda maharage. Nilimtumia mkurugenzi barua pepe. Nilimkumbusha kikaoni. Akasema benki imeahirisha. Nilimkumbusha tena, akaniambia mhasibu mzuri anajua kusubiri. Nilirudi ofisini nikafunga mlango, nikatukana matusi ambayo mama yangu wa Turiani hajui kama nayajua.

Yule mama hakunisumbua hata mara moja. Tulikuwa tukikutana getini jioni, tunasalimiana, ananitazama, nami natikisa kichwa kwamba bado. Anasema haya, mwanangu, anafungua mwavuli. Wenzake baadhi walikwenda milimani hivyohivyo, wakasema liwalo na liwe. Yeye alikuwa na miezi michache tu ya kufika mwisho, na mtu aliye karibu na mwisho anaogopa zaidi.

Wakaguzi waliokuwa waje mapema walichelewa mpaka baada ya Pasaka. Mkubwa wao alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani, na siku ya tatu aliifikia ripoti ya pensheni. Tulikuwa chumba cha mikutano, mkurugenzi akiwa ameketi kichwani mwa meza. Mkaguzi akauliza, kwa sauti ya kawaida tu, hili fungu kubwa la wanachama walioacha kazi limetokana na nini, maana kwenye malipo ya mwisho hawaoni hao watu.

Mkurugenzi akanitazama. Nikasema, "Hakuna aliyeacha kazi. Walikwenda kulima kwa ruhusa, mfumo ukawafuta. Orodha sahihi iko kwenye trei ya mkurugenzi tangu mwezi wa pili."

Mkaguzi akaandika. Mkurugenzi akasema ndiyo, alikuwa anaipitia, akatoka kuifuata, akaisaini mbele yetu kwa kalamu ya mkaguzi. Baadaye hata hakuninunia. Nadhani alijisikia nafuu.

Tathmini mpya ilirudi. Deni lilikuwa limepanda, faida ya takwimu bima imebaki ile ndogo ya riba za hati fungani. Faida ya mwaka ilikaa palepale. Kwenye kikao cha bodi ukurasa huo ulifunguliwa na kupitwa bila neno, wakatumia muda wao kujadili bei ya mafuta ya mitambo. Na benki ilitoa mkopo. Nilipomwuliza ofisa wao kwa udadisi kama waliangalia mtaji baada ya marekebisho, akasema walichoangalia ni fedha taslimu inayoingia kwa mwezi na hati ya kiwanja.

Tarehe zilirudishwa kwenye mfumo mwezi wa tano. Nilimpelekea mama habari mwenyewe, nikatembea mpaka sehemu ya uchambuzi katikati ya vumbi la katani, nikamwonyesha jina lake na tarehe yake ya kwanza kabisa. Alisoma kwa kidole. Akasema asante, akaomba ruhusa ya siku tatu, akapanda gari la Matombo jioni hiyo.

Alirudi siku ya tatu, kabla ya kengele. Sikuuliza mimi, alinieleza mwenyewe tukiwa getini. Wenye ukoo walikuwa wamekaa baada ya Pasaka. Walimngoja mpaka maharage ya wenzake yakaota. Shamba la bondeni limepewa binti wa dada yake mdogo wa mama mmoja, na binti ameshapanda, na amepanda vizuri. Hakuwalaumu. Alisema angekuwa yeye kwenye kikao kile angesema hivyohivyo.

Nilijisikia vibaya sana, na nikamwambia. Akanipigapiga begani kwa kiganja, kama anayemnyamazisha mtoto.

Mwezi wa sita alistaafu. Tulimfanyia soda na keki kwenye kantini, mkurugenzi akahutubia vizuri kuhusu uaminifu, wanawake wa uchambuzi wakaimba. Alikuwa ameshapanga chumba nyuma ya stendi ya Msamvu, kwenye nyumba ya mwenyeji mmoja wa Mkuyuni. Siku iliyofuata alikuja ofisini kuweka sahihi za pensheni. Nilimsomea kila kitu: kiasi cha kila mwezi, siku ya kulipwa, akaunti. Ilikuwa hela ya heshima kwa mtu mwenye shamba. Kwa mtu wa kodi na soko la mjini ilikuwa ya kubanabana, na yeye alilijua hilo kabla yangu.

Aliweka sahihi, akaurudisha mfuniko wa kalamu taratibu. Halafu akauliza, "Hii nikifa, anaichukua nani?"

Nikamwambia kwa mpango huu ni mwenza peke yake, na yeye hana mwenza. Inaishia hapo.

"Haiendi kwa mtoto? Haiendi kwa ukoo?"

"Haiendi, mama."

"Na nikifa mapema? Wale wa Dar si wamekisia nitaishi mpaka lini?"

"Wamekisia."

"Ikibaki, inakuwa ya nani?"

Ningeweza kumwambia kompyuta ina uzito. Nikamwambia inabaki kwenye mfuko, deni la kiwanda linapungua, na mwisho wa mwaka inaandikwa faida.

Aliitikia kwa kichwa kuonyesha ameelewa. Akaniuliza kama faida hiyo nayo ni ile isiyohesabiwa kwenye faida ya mwaka, ile niliyomwelezea mwezi wa pili. Nikasema ndiyo, ni hiyohiyo.

"Kwa hiyo hata wenye kiwanda hawataiona," akasema. Akachukua mkoba wake, akaniaga, akashuka ngazi ameshika ukuta.